Laini yangu, jina la nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusajili laini kwa namba ya NIDA

Nilisajili laini chini ya mwavuli wa stendi kwa miaka mitatu kabla sijafungua kibanda changu cha miamala. Wateja wanaoniumiza moyo ni wale wanaokuja na simu mkononi wakisema, "Kuna namba hapa kwa jina langu, na mimi siijui." Wengine tatizo lao ni kinyume chake: wametumia laini miaka minne, siku wakitumiwa hela mtumaji anaona jina la mtu wasiyemfahamu. Majibu yaliyopo hapa ni ya Tanzania, na ni yale ninayowapa pale kibandani, isipokuwa hapa nimeyaeleza kwa kirefu kidogo.

Nikisajili laini, pale kwenye mashine kinafanyika nini hasa?

Wakala anaingiza namba ya laini mpya, kisha Namba yako ya Utambulisho wa Taifa, ile tuliyozoea kuiita namba ya NIDA. Unaweka kidole kwenye kioo cha mashine. Alama ya kidole inasafiri pamoja na namba yako hadi kwenye kanzidata ya NIDA, na huko inalinganishwa na alama uliyotoa siku ulipojiandikisha kitambulisho. Zikilingana, jibu linarudi na jina lako, na laini inafungwa kwenye jina hilo.

Kumbuka jambo moja, kwa sababu maswali mengi ya chini yanaliegemea: kidole chako kikikubaliwa mara moja, laini moja inasajiliwa. Kikikubaliwa mara tatu, zinaweza kusajiliwa laini tatu, hata kama wewe umekuja kununua moja tu.

Utaratibu huu wa vidole ulianza Mei 1, 2019. Kabla ya hapo mtu alisajili kwa kitambulisho cha mpiga kura, leseni ya udereva na vingine, na nakala ya kitambulisho chako ikiangukia mikononi mwa mtu mbaya ilimtosha kusajili laini. Mwisho wa kusajili upya ulikuwa Desemba 31, 2019, kisha Rais Magufuli akaongeza siku 20 hadi Januari 20, 2020. Walio na umri wanaikumbuka ile foleni ya NIDA.

Sina kadi, nina namba tu. Inatosha?

Inatosha. Mashine inahitaji namba na kidole, kadi yenyewe haiingii popote. Kama namba umeisahau, piga *152*00# na ufuate sehemu ya NIDA, au nenda ofisi ya NIDA ya wilaya.

Ukiipata, itazame. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, ukianza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku. Aliyezaliwa Machi 14, 1988 namba yake inaanza na 19880314. Nimeona watu wawili wakihangaika siku nzima na "mfumo unakataa", kumbe mmoja alikuwa na namba ya mdogo wake, aliyoandikiwa kwenye kipande cha karatasi pamoja na ya kwake. Tarehe ilitosha kumwambia hilo.

Nitajuaje ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yangu ya NIDA?

Piga *106#. Haihitaji intaneti wala simu janja. Menyu inayokuja ina sehemu ya kuangalia usajili wa laini unayotumia, na sehemu ya kuangalia namba nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Hiyo ya pili ndiyo unayoitafuta. Mpangilio wa menyu haufanani kwa mitandao yote, kwa hiyo soma maneno, usikariri namba za vipengele. Utaombwa namba ya NIDA. Iingize yote bila vistari.

Usitegemee laini ya mtandao mmoja ikuonyeshe kila kitu. Kama una Vodacom, Airtel na Halotel, piga mara tatu, kila mara kutoka kwenye laini husika.

Hapa kuna shimo ambalo wengi hawalioni. Mtandao ambao hujawahi kuutumia ndio huwa umesahauliwa, na ndiko laini ya mtu mwingine kwa jina lako inakoweza kukaa miaka bila wewe kugutuka. Dawa yake ni kwenda kwenye duka la mtandao huo, namaanisha duka lenyewe na si wakala wa barabarani, na kumwambia mhudumu: "Mimi si mteja wenu, naomba niangalizie kama kuna laini imesajiliwa kwa namba yangu ya NIDA." Atakuomba kidole. Ni dakika chache.

Nimeona namba nisiyoijua. Niifute hapo hapo?

Tulia kwanza. Piga picha skrini au iandike namba hiyo kamili kwenye karatasi, halafu waulize watu wa nyumbani.

Mara nyingi namba "ya mgeni" ni ya mtoto wako wa sekondari uliyemsajilia mwenyewe ukasahau, kwa sababu aliye chini ya miaka 18 husajiliwa kupitia mzazi au mlezi. Inaweza kuwa laini iliyo ndani ya kile kifaa cha intaneti cha nyumbani, ambayo hakuna anayejua namba yake kwa kuwa haipigi wala kupigiwa. Inaweza kuwa ya kifaa cha kufuatilia pikipiki. Bwana mmoja aliyekuja kwangu alifuta namba asiyoitambua asubuhi, jioni akawa hajui bodaboda yake iko Kange au iko Pongwe, maana laini ya kifaa aliizima mwenyewe. Na inaweza kuwa laini yako ya zamani iliyopotea na simu.

Mkishaulizana na hakuna anayeijua, hapo sasa ni ya kuondoa, na uiondoe mapema.

Imefikaje kwenye jina langu wakati kidole ninacho mimi?

Swali hili naulizwa kwa uchungu, na nalijibu kwa uchungu vilevile, kwa sababu nimeona linavyofanyika.

Mama amekuja mwavulini, ametoka shamba, vidole vimekauka na vina nyufa. Wakala anachukua kidole gumba, anakibonyeza kwenye kioo. Mashine imekubali, lakini skrini inamtazama wakala, mama haioni. "Mama, hakijasoma, weka tena." Anakifuta kwenye kanga, anaweka. "Weka cha shahada." Anaweka. "Sasa tayari." Mama anashukuru, anaondoka na laini moja. Wakala amebaki na mbili zilizosajiliwa kwa jina la mama, na jioni anaziuza kwa mtu ambaye hataki jina lake lionekane, au kwa mwanafunzi anayetaka ile laini ya chuo yenye bando la bei rahisi na hana habari imetoka wapi.

Mawakala wote hawafanyi hivi. Vidole vya wakulima, wapasua kokoto na wafua nguo kweli vinakataa, na nimewahi kumwekesha mzee mmoja vidole kumi vyote bila mashine kukubali hata kimoja. Ndiyo maana hila hii inafanya kazi: inajificha nyuma ya tatizo la kweli.

Kuna na ile ya kuwafuata watu majumbani au mnadani, "kuhakiki laini bure", "kuandikisha wazee kwa ajili ya msaada". Ukiombwa kidole na mtu aliyekufuata wewe, kataa. Kama unakuta laini usiyoijua na ilisajiliwa baada ya 2019, rudi kichwani ukumbuke ni nani alishika kidole chako mara ya mwisho.

Nitaiondoaje? Nieleze hatua kwa hatua.

Nitaeleza kwa jambo lililomkuta mama mdogo wangu, anayeishi Korogwe, maana lilikuwa na karibu kila kona.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2023, wakati ule ilipotangazwa kwamba laini zisizohakikiwa mwisho wake ni Februari 13. Nilimpigia simu: "Shikamoo mama. Umeshahakiki laini yako?" Akasema kuhakiki ndiyo kufanya nini. Nikapanda gari Jumamosi. Tulipopiga *106# na kuingiza namba yake, zikaja namba nne. Moja yake. Moja ya binti yake, aliyesajiliwa akiwa na miaka 15. Mbili hakuna aliyezijua, tukaulizana mpaka na mjomba.

Jumatatu tukaenda duka la mtandao. Alibeba kadi ya NIDA na simu yake. Mimi nilibeba karatasi yenye zile namba mbili. Mhudumu alimwomba kidole kwanza, kwa sababu asiye mwenye kitambulisho hawezi kuomba jambo hili, hata kama ni mwanawe. Ukimtuma mtu, atarudi mikono mitupu. Kisha akamsomea namba moja moja, na mama akajibu "naijua" au "siijui". Akajaza fomu, mama akaweka sahihi.

Namba ya kwanza kati ya zile mbili ilikuwa haipatikani. Ikafungwa palepale. Ya pili mhudumu aliipigia mbele yetu, na akapokea kijana mwenye sauti ya woga. Alikuwa amenunua laini ile kwenye geti la chuo, Tanga mjini, akaambiwa imeshasajiliwa, aanze kutumia tu. Ndani yake alikuwa na shilingi 84,000 za ada ndogondogo. Mhudumu akamweleza kwamba mwenye jina amejitokeza, na akampa siku tatu: aje dukani na namba yake ya NIDA, au laini ifungwe. Alikuja Jumatano. Mama alirudi pia, kwa hiari yake, akaweka kidole cha kuachia, na kijana akaweka cha kupokea. Laini ikahamia jina la kijana, na hela zake hazikupotea. "Samahani mama, sikujua," alisema. Mama akamwambia asome vizuri.

Kabla ya kuondoka siku ile ya Jumatatu, tuliomba namba ya kumbukumbu ya lalamiko, nikaiandika nyuma ya ile karatasi. Ilitusaidia. Siku mbili baadaye tulipopiga *106# tena, laini iliyofungwa bado ilionekana kwenye orodha. Niliporudi na kutaja namba ya kumbukumbu, walifungua faili dakika ileile wakaona imezimwa kupiga na kupokea, ila haijatolewa kwenye jina. Vitu viwili tofauti, na unataka vyote viwili. Ijumaa tukapiga tena, zikaja namba mbili.

Kisha nikampeleka kwenye duka la mtandao ambao hajawahi kuutumia maishani mwake. Wakakuta laini moja kwa jina lake.

Je, nimpigie mwenyewe huyo anayetumia namba kwa jina langu?

Usimpigie. Akiwa ni kijana kama yule wa Tanga, mhudumu wa mtandao atampata kwa utaratibu. Akiwa ni tapeli, utakuwa umemwonya atoe hela na kutupa laini kabla haijafungwa, na zaidi ya hapo umempa namba yako. Kuna waliopigiwa baadaye na mtu aliyejifanya wa huduma kwa wateja, akawaomba namba ya siri "ili tumalizie kufuta". Mitandao huwapigia wateja wake kwa namba 100. Namba ya kawaida ya kuanzia 07 au 06 ikijitambulisha kuwa mtandao, kata.

Polisi wamenipigia, wanasema namba yangu imetapeli mtu. Mimi hiyo namba siijui.

Nenda. Kukimbia kunakufanya uonekane mwenye kosa, na jina lako ndilo walilonalo kwenye rekodi.

Zile meseji za "ile pesa itume kwenye namba hii" zinatumwa kwa laini za namna hii, zilizosajiliwa kwa majina ya watu wasio na habari. Mlalamikaji akifika kituoni, polisi wanauliza mtandao namba ni ya nani, mtandao unajibu jina lako. Haina maana wamekuona ukituma.

Beba kitambulisho, beba simu unayotumia, na kabla ya kwenda pitia duka la mtandao uandikishe kwamba huitambui hiyo namba, upewe kumbukumbu ya lalamiko. Ukifika kituoni, toa maelezo kwamba laini ilisajiliwa bila ridhaa yako, omba maelezo hayo yaandikwe na upewe namba ya RB. Taja tarehe na mahali ulipowahi kuweka kidole kama unakumbuka. Rekodi ya usajili huonyesha siku na wakala aliyesajili, kwa hiyo polisi wakitaka kuifuatilia njia ipo. Ukikuta mambo yanakuwa mazito, tafuta wakili au kituo cha msaada wa kisheria kabla ya kusaini maelezo usiyoyaelewa.

Hapa ndipo mtu aliyefuta laini mapema anapopata nafuu. Lalamiko lenye tarehe ya kabla ya utapeli linazungumza kuliko kiapo chochote.

Na kama wewe ndiye uliyetumiwa meseji ya kitapeli, isambaze kwenda 15040. Utaulizwa namba iliyokutumia, nawe unaijibu. Huko ndiko namba hizi zinakokusanywa ili zifungwe.

Duka la mtandao limenizungusha. Niende wapi?

Kwanza hakikisha umelalamika kwa maandishi na una kumbukumbu, kwa sababu utaulizwa. Kisha peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ina ofisi za kanda mbali na makao makuu ya Dar es Salaam. Arusha, Mbeya, Mwanza, Dodoma na Zanzibar zipo. Kama jambo lenyewe ni kwamba mtu alichukua taarifa zako na kuzitumia, kuna pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2022. TCRA ndiyo inayoshika masikio ya mitandao, na kwa laini huwa naanzia huko.

Mimi tatizo langu ni kinyume: laini ninayoitumia ina jina la mtu mwingine. Kuna ubaya gani kama inafanya kazi?

Inafanya kazi mpaka siku mwenye jina atakapopiga *106#. Hata asipofanya hivyo, anaweza kuingia dukani, kuweka kidole, kusema laini imepotea na kupewa nyingine yenye namba ileile. Laini yako mkononi inakufa, na yeye anapokea simu zako, meseji zako na namba za uthibitisho za benki yako. Mbele ya mtandao hajaiba kitu, laini ni yake.

Wewe, kwa upande wako, ukisahau namba ya siri ya akaunti ya pesa huna pa kwenda. Simu ikiibiwa huwezi kurudisha laini. Hela zilizomo zinakaa kwa jina la mtu mwingine.

Kama mwenye jina unamfahamu, kaka, mwajiri, shemeji, nendeni dukani wawili, kila mtu na kitambulisho chake, ombeni kuhamisha umiliki. Mmoja anaachia, mwingine anapokea. Lipeni kwanza deni lolote la songesha au mkopo mwingine wa simu ulio kwenye laini hiyo, kwa kuwa laini yenye deni huwa inagoma kuhama, na deni lenyewe liko kwa jina la yule aliyesajili.

Kama humfahamu kabisa, nitakuambia ukweli hata kama unauma. Usihesabu kwamba namba hiyo utabaki nayo. Unaweza kujaribu bahati dukani, na wapo waliosaidiwa mtandao ulipompata mwenye jina, lakini mtandao hauwezi kukupa laini ya mtu bila kidole chake. Kwa hiyo fanya haya kwa mpangilio huu, kabla hujaenda kuuliza popote. Toa hela zote. Sajili laini mpya kwa jina lako. Hamisha namba ya benki, ukienda tawini wewe mwenyewe. Badilisha namba kwenye WhatsApp kwa kutumia kipengele chake cha kubadili namba, ukiwa bado na laini zote mbili hai. Waambie ndugu na wateja. Halafu ndipo uende dukani kuuliza kuhusu ile ya zamani.

Wanaoenda kuuliza kwanza ndio wanaofungiwa laini ikiwa na hela ndani.

Laini ni ya marehemu baba, na tunaitumia nyumbani. Tufanyeje?

Pole. Kutumia laini ya marehemu kimyakimya ni jambo la kawaida, lakini hela zilizomo ni sehemu ya mirathi, na mtandao hautazitoa kwa mtu aliyeshika simu tu. Utaratibu ni kikao cha familia chenye muhtasari wa maandishi kinachopendekeza msimamizi, kisha cheti cha kifo na muhtasari vinapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na mahakama inamteua msimamizi wa mirathi. Barua ya uteuzi, cheti cha kifo na kitambulisho cha msimamizi ndivyo vinavyofungua mlango dukani. Msiendelee kuchukua mikopo ya simu kwenye laini hiyo.

Nimesajili laini mpya mwenyewe, kwa kidole changu, lakini napokea simu za madeni ya mtu na meseji za benki yake.

Namba hiyo ilikuwa ya mtu kabla yako. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, mtandao huirudisha ghalani na kuiuza upya. Usajili ni wako na uko salama; kilichobaki ni kivuli cha mtu wa kwanza. Piga *106# uthibitishe jina ni lako. Wajibu wanaodai kwamba namba imebadilika mmiliki, na meseji za benki usizitumie wala usimsomee mtu namba za uthibitisho zilizomo. Kama zinaendelea, ipigie benki husika waitoe namba hiyo kwa mteja wao. Kama makelele ni mengi, irudishe dukani uombe nyingine wakati bado hujaigawa kwa watu.

Na wewe ukiacha laini, iachie vizuri: iondoe benki kwanza.

Nikiingiza namba yangu ya NIDA linakuja jina la mtu mwingine kabisa.

Hili halihusu mtandao, na wakala hawezi kulirekebisha hata ukimbembeleza. Angalia kwanza zile tarakimu 8 za tarehe ya kuzaliwa, kwani mara nyingi ni kosa la kuandika. Kama namba ni sahihi na kadi ni yako, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya na cheti cha kuzaliwa. Mpaka irekebishwe, usikubali wakala akusajilie "kwa muda" kwa kidole cha mtu mwingine. Hapo ndipo utakapozaliwa upya ule mkasa wa laini yenye jina la mgeni.

Niko nje ya nchi. Ndugu yangu anaweza kunisajilia?

Kidole hakitumwi. Anaweza kusajili kwa jina lake, na utarudi kwenye swali la laini yenye jina la mwingine. Ukiwa Muscat au kwingineko na laini ya nyumbani unaihitaji kwa benki, iweke vocha na uitumie mara kwa mara isije ikakaa kimya mpaka ikarudishwa ghalani.

Naruhusiwa laini ngapi?

Kanuni za usajili za mwaka 2020 zinampa mtu binafsi laini moja kwa kila mtandao kwa kupiga, meseji na intaneti. Ya ziada inaombwa kwa sababu. Ndiyo maana ukienda kusajili na ukaambiwa "umeshafikisha idadi" wakati unajua huna laini huko, usimwombe wakala akupitishie mlango wa nyuma. Hiyo ni taarifa kwamba kuna mtu anatumia nafasi yako. Nenda dukani.

Wakala akisema "hakijasoma, weka tena", nitajuaje kama ni kweli?

Mwombe akugeuzie skrini. Ni haki yako na mtu mwema hatakasirika. Mimi nilikuwa naigeuza kabla sijaombwa. Kidole kikikataliwa utaona maandishi yakisema hakilingani au jaribu tena. Kikikubaliwa, jina lako linatokea. Jina likishatokea, hakuna sababu ya kidole kingine kwa laini hiyo.

Kama mashine inakataa kweli, nawa mikono kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha, paka mafuta kidogo mno na uyafute, kisha jaribu kidole kingine. Vikigoma vyote, ondoka na namba yako ya NIDA uende dukani, ambako angalau unajua ofisi iko wapi kesho.

Laini ikishawaka, usiinuke kwenye benchi. Piga *106# hapohapo, mbele yake, na uhesabu namba zilizokuja. Ikizidi hata moja, mwambie aiondoe sasa, na kama hawezi, andika jina lake na namba yake ya uwakala, piga picha skrini, na uelekee dukani siku hiyohiyo.